Bakiza Mbili: Mwongozo wa Kubeba Zege na Kudanganya Daftari

Kwanza tafuta ndoo mbili za rangi za lita kumi, makopo mawili ya lita nne, na bomba la chuma lenye urefu wa mita mbili. Usinunue. Muulize fundi yeyote anayejenga hapa Bagara, maana Babati inajengwa kila kona na mabaki hayakosekani. Koroga saruji, mchanga na kokoto kama unakoroga zege la msingi, simamisha kipande cha bomba pana katikati ya kila ndoo na kila kopo ili kiache tundu, mimina, mwagilia siku saba, kisha chukua brashi uandike ubavuni mwa kila ndoo: KILO 30. Hakuna aliyepima chochote. Umeandika thelathini kwa sababu thelathini inasomeka vizuri kutoka barabarani. Hongera, jimu imefunguliwa, na uongo wa kwanza umeshaganda.

Jimu yetu iko uani, chini ya mgrevilea, mahali ambapo ukiinua kichwa katikati ya skwati unauona mlima Kwaraa ukikutazama kwa dharau. Nguzo mbili zenye panda zinashikilia bomba, na chini yake tumepanga matairi manne ya gari, mawili kila upande, ya kupokea ndoo pale binadamu anaposhindwa. Kwa vifaa hivyo unaweza kuendesha awamu ya nguvu ya wiki sita, na unaweza pia kuiharibu kitaalamu. Mwongozo huu unafundisha yote mawili, kwa kuwa watu wengi huanza na la pili.

Hatua ya kuanzia katika kuharibu ni kupakua ratiba kwenye simu. Ratiba itakwambia: wiki ya kwanza piga seti nne za mara tano kwa asilimia 75 ya uzito wako wa mwisho. Usijiulize uzito wako wa mwisho ni upi. Usijiulize asilimia 75 ya ndoo ni nini. Na zaidi ya yote, usijiulize kama aliyeandika ratiba ile alimfikiria mtu anayelala kwa saa nane, anayekula kwa wakati, ambaye kitu kizito pekee anachobeba kwa siku nzima ni hicho cha jimu. Jirani yangu ni kuli wa maghala ya nafaka. Msimu wa mbaazi unapopamba moto anaweza kuitwa saa nne usiku kupakia fuso mpaka alfajiri, na saa kumi na moja jioni tunakutana chini ya mgrevilea. Asilimia 75 ya mtu aliyelala na asilimia 75 ya mtu aliyepakia fuso si asilimia moja, hata kama daftari linasema ni moja.

Ndiyo maana kuna njia nyingine, nayo haihitaji kujua ndoo ina kilo ngapi. Ukimaliza seti unajiuliza swali moja tu: kabla sijakwama, ningeweza kupiga ngapi zaidi? Kama zingebaki mbili, umebakiza mbili. Hiyo ndiyo akiba yako. Wahenga walishasema akiba haiozi, ingawa sidhani walikuwa wanazungumzia mapaja.

Chanzo cha hesabu hii ni mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Borg, ambaye miaka ya 1960 alitengeneza kipimo cha jitihada cha kuanzia 6 hadi 20. Namba hizo zinaonekana za ajabu mpaka uambiwe sababu: ukizizidisha kwa kumi unakaribia mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya, 60 akiwa amepumzika na 200 akiwa hoi. Kilikuwa kipimo kizuri kwa mtu anayekanyaga baiskeli ya maabara, lakini kwa mbeba chuma moyo si shahidi mzuri. Baadaye mnyanyuaji wa Marekani, Mike Tuchscherer, akaandika kitabu mwaka 2008 kilichoeneza kipimo cha kumi kati ya wabeba chuma, na kila namba akaifunga kwenye akiba. Kumi maana yake hukubakiza kitu. Tisa, umebakiza moja. Nane, mbili. Saba, tatu. Kwenye ratiba za simuni utakuta herufi RPE 8 au RIR 2, na ni jambo lilelile limevaa mashati mawili. Kuna pia nane na nusu, yaani ilibaki moja kwa hakika na labda mbili. Nusu hiyo waachie wazoefu. Sisi wengine hata nzima hatujaipata.

Sasa uje kwenye sanaa yenyewe, sanaa ya kudanganya. Babati ni mji wa nafaka, kwa hiyo walaghai wa akiba wanatambulika kwa majina ya sokoni. Wa kwanza ni wa lumbesa. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na kila mtu anajua lile kofia la juu lililoshonwa kwa kamba linazidisha kiasi gani. Mlumbesa wa jimu ameagizwa abakize mbili. Anapiga tano, ya nne imepanda kama lori la mizigo kwenye mlima, ya tano imemtoa sauti ambayo mbuzi wa jirani waliijibu, magoti yamegeukiana, kisha anarudisha bomba, anafuta jasho na kutangaza, “Mbili zilikuwepo, kaka.” Ziko wapi? Anaandika mbili. Wiki inayofuata anaongeza uzito kwa sababu daftari limemruhusu.

Wa pili ni wa debe lililopondeka. Huyu anakuuzia debe la mahindi ambalo ubavu wake umeingia ndani kidogo, na kwenye jimu anafanya hivyohivyo. Mara ya tatu mapaja yanapata moto, anaingiwa huruma kwa nafsi yake, anaacha na kusema amebakiza moja. Ukimshurutisha aendelee anapiga sita nyingine huku akikutukana. Tukisema kweli, huyu wa debe ndiye wengi wetu. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti za kukisia akiba, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba watu kwa wastani hujidhania wamebakiza pungufu ya walichobakiza, kama rudio moja hivi. Wanaojidai ni wachache kuliko kelele zao.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Michael Zourdos na wenzake huko Florida, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2016. Waliwachukua wazoefu wa skwati na wageni wa skwati, wakawapandisha mpaka uzito wa mwisho kabisa, ule ambao ukiongeza kidogo haupandi. Kisha wakawauliza: kati ya kumi, hii ilikuwa ngapi? Wazoefu wakajibu karibu na kumi, jibu sahihi. Wageni wakajibu kama tisa. Yaani mtu ametoka kubeba kitu kizito kuliko vyote anavyoweza kubeba, na bado anahisi kuna kimoja kimebaki mfukoni. Tusimcheke. Hajawahi kukutana na mwamba, kwa hiyo hajui unafananaje.

Hapo ndipo kazi halisi ya wiki ya kwanza ilipo, na ndiyo hatua ambayo mwanafunzi mzuri wa uharibifu huiruka. Unatakiwa kuonana na mwamba kwa makusudi, mara chache, mahali salama. Sisi tulifanya hivi. Seti ya mwisho ya skwati siku ya Jumamosi, mtu anapiga mpaka anapohisi amebakiza mbili, anapaza sauti, “Mbili!” halafu haachi. Anaendelea mpaka akwame au umbo livunjike. Matairi yako chini, watu wawili wako pembeni, mmoja kila upande. Tunahesabu zilizotoka baada ya ile sauti. Kuli alipaza sauti kwenye ya saba, akapiga tatu zaidi, akakwama kwenye iliyofuata. Akiba yake ya kweli ilikuwa tatu, si mbili. Mimi, kwa taarifa yenu, nilipaza sauti kwenye ya sita na ya saba haikupanda. Nimekuwa mlumbesa miaka miwili bila leseni.

Kwenye benchi usifanye mtihani huo ukiwa peke yako, hata kama unajiamini namna gani. Bomba lililokukwamia magotini lina heshima zake. Lililokukwamia kooni halina.

Kuna mambo matatu ambayo mtihani ule ulitufundisha, na yote yanaonekana kwa macho. Moja ni mwendo. Bomba hupungua kasi lenyewe kadiri akiba inavyokwisha, hata kama unasukuma kwa nguvu zote. Weka simu juu ya tofali, irekodi, kisha linganisha rudio la kwanza na la mwisho. Likiwa la mwisho limepanda kwa kasi ileile ya la kwanza, hujabakiza mbili, umebakiza chungu nzima. Likiwa limesimama kidogo katikati kama bajaji inayotafuta gia, umebakiza moja au hakuna. La pili ni kwamba kukisia kwa mbali hakufai. Mtu aliyebakiza mbili anaweza kukosea kwa moja. Mtu aliyebakiza saba anapiga ramli. Kwa hiyo ukiambiwa bakiza sita, andika chochote, kitakuwa uongo tu hata kama wewe ni mcha Mungu. Na la tatu: idadi ndogo inasema ukweli zaidi kuliko idadi kubwa. Ukipiga mara tano, kinachokusimamisha ni nguvu. Ukipiga mara ishirini, kinachokusimamisha ni mapafu, au mapaja kuungua, au aibu, na unaanza kuchanganya maumivu na mwamba. Kuungua si mwamba. Kuhema si mwamba. Mwamba ni pale unaposukuma na dunia haisogei.

Sasa kilo. Najua nilisema njia hii haihitaji kilo, na ni kweli kwa siku moja. Lakini ukitaka kujua kama wiki ya nne umekuwa na nguvu kuliko wiki ya kwanza, sharti ujue zege lina uzito gani, hata kwa makadirio. Zege la kawaida huwa na kilo kama 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo lita kumi ni kilo 24 hivi, na lita nne ni kilo tisa na nusu. Ile KILO 30 iliyoandikwa kwa brashi ilikuwa ya kisiasa. Tulibeba ndoo zetu mchana mmoja hadi kwenye mizani ya mfanyabiashara wa mahindi, ambaye alituuliza kama tunauza. Ndoo moja ilikuwa 24, nyingine 23. Makopo yote mawili kwa pamoja 19. Bomba 8. Tukafuta maandishi ya zamani, na watu wawili wakahama jimu siku hiyohiyo kwa kuwa walipoteza kilo 13 wakiwa wamesimama.

Hesabu hiyo ilileta tatizo jipya. Bomba na ndoo ni kilo 55. Bomba, ndoo na makopo ni 74. Katikati yake hakuna kitu. Ratiba ya simu inakwambia wiki hii ongeza asilimia mbili na nusu, na wewe una hatua moja tu ya kilo 19. Mwenye jimu ya mjini atakucheka, lakini hapa ndipo akiba inapokuwa na faida ambayo yeye haijui. Ukiwa huwezi kubadilisha uzito, badilisha idadi. Unaambiwa bakiza mbili? Beba ileile 55 na upige mpaka zibaki mbili, iwe nane, iwe tisa. Wiki ijayo kwa uzito uleule na akiba ileile ukapiga kumi, umepanda. Hakuna ndoo iliyobadilika, umebadilika wewe.

Ila awamu ya nguvu inataka uzito upande na idadi ishuke, basi tukatafuta chupa. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, ikijazwa maji, ni kilo moja na nusu, na hakuna kiwanda cha vyuma kitakachokuuzia uzito sahihi kuliko huo kwa bei hiyo. Moja kila upande, imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ni kilo tatu. Chupa hiyohiyo ukiijaza mchanga mkavu na kuutikisa ushuke, zetu zilifika kilo mbili na nusu kwenye mizani, jozi kilo tano. Tukawa tumepata ngazi ya kupandia.

Kuli alipanga wiki sita hivi. Wiki ya kwanza seti nne za mara tano, seti ya kwanza abakize tatu. Ya pili abakize mbili. Ya tatu abakize moja. Ya nne apunguze idadi iwe nne, uzito upande, bado abakize moja. Ya tano apumzishe mwili, seti mbili nyepesi, abakize nne na aende nyumbani. Ya sita, jaribio. Mpango hausemi kilo popote. Kilo zinaandikwa baada ya tendo, kama risiti.

Wiki ya kwanza alipiga 74 mara tano, akabakiza tatu. Ili kulinganisha siku zenye idadi na akiba tofauti tulitumia kanuni ya Boyd Epley, aliyekuwa kocha wa mazoezi ya nguvu katika Chuo Kikuu cha Nebraska, tukaichomekea akiba:

kilo × (1 + (mara + akiba) ÷ 30)

Mara tano na akiba tatu ni nane. Nane kwa thelathini, jumlisha moja, zidisha kwa 74: kama 94. Hiyo ndiyo nguvu yake ya siku hiyo kwa makadirio, bila kumkwamisha. Wiki ya pili, 77 mara tano, akabakiza mbili: 95. Wiki ya tatu Jumatatu, 80 mara tano, akabakiza moja: 96. Unaona inavyokwenda polepole, kama nauli isiyotaka kugombana na abiria. Usitumie kanuni hii kwa seti ya mara kumi na tano, wala kwa rudio moja. Huko inaanza kusifia.

Halafu ikaja Alhamisi. Usiku wa kuamkia siku hiyo walipakia fuso mbili. Alifika akiwa na macho mekundu, akala ndizi, akasema yuko sawa. Mwanafunzi wa uharibifu hapa anafuata mpango: weka 80, mwanaume hachagui siku. Lakini njia yetu inaanza kuuliza kabla ya seti ya kazi, wakati wa kupasha. Alipiga 55 mara tano, kawaida. Alipiga 74 mara tatu, na ile ya tatu ikapanda kwa mwendo ambao Jumatatu tuliuona kwenye ya tano ya 80. Hapakuwa na haja ya mganga. Chupa hatukufunga. Alipiga 74 mara tano akabakiza moja, hesabu ikatoa 89. Jumatatu 96, Alhamisi 89: fuso mbili zina thamani ya kilo saba za skwati, sasa tunajua.

Wengi wanadhani kupunguza uzito ndiyo mwisho wa kujirekebisha. Kuna pia idadi ya seti. Ukikaa na uzito mmoja na kupumzika dakika tatu kati ya seti, akiba inashuka yenyewe: seti ya kwanza tatu, ya pili mbili na kitu, ya tatu mbili, ya nne moja. Hiyo ni sawa, huo ndio uchovu unaoutaka. Kanuni yetu ilikuwa kwamba akiba ikigonga sifuri, siku imekwisha, hata kama mpango unadai nyingine mbili. Alhamisi ile seti ya pili ilimpa tano na hapakubaki kitu. Tukafungua bomba. Alinuna. Aliuliza kama amekuja kwa miguu kutoka upande wa ziwani kwa ajili ya seti mbili. Nikamwambia viboko wa ziwa lile hutoka usiku wakala majani mpaka washibe wakarudi majini, hakuna aliyewahi kumwona kiboko akilazimisha seti ya nne. Hakucheka. Lakini Jumatatu iliyofuata, baada ya kulala usiku mbili mfululizo, alipiga 83 mara nne akabakiza moja, na hesabu ikarudi 97.

Kama seti imetoka tofauti na ulivyoagizwa, rekebisha kwa kiasi. Kila rudio moja la akiba ulilokosea lina thamani ya asilimia tatu hadi nne za uzito. Umeagizwa kubakiza mbili, ukabakiza nne kwenye kilo 77? Umekosea kwa mbili, ongeza kama kilo tano, si ndoo. Lakini usirekebishe kabla hujaangalia saa. Mtu aliyepumzika sekunde arobaini kwa sababu ameona mabinti wanapita barabarani atabakiza sifuri kwa uzito wowote, na hiyo si habari kuhusu nguvu zake.

Jambo moja ambalo hatukulitatua ni mikono. Kwenye dedilifti bomba la maji ni nene kuliko chuma cha kawaida, na vidole hufunguka kabla mgongo haujachoka. Ukiulizwa umebakiza ngapi, unaulizwa na nani? Mgongo unasema nne, vidole vinasema hakuna. Tukaanza kuandika zote mbili, na mwisho tukaiondoa dedilifti kwenye hesabu, tukaiacha iwe mazoezi ya vidole yenye maumivu ya mgongo.

Onyo la mwisho kwa wale wanaotaka kuharibu kwa ustadi wa juu: andika akiba baada ya kuoga. Ukishaoga, ukala ugali na samaki, kila seti ya leo ilikuwa rahisi na kila moja ilibakiza tatu. Ukitaka kuharibu kidogo tu, andika baada ya kuwasikiliza wenzako, maana mtu akisikia jirani amebakiza mbili naye hubakiza mbili, kama kuitikia salamu. Sisi tuliamua kila mmoja aandike kwenye daftari lake ndani ya dakika moja, kabla ya kunywa maji, bila kusema kwa sauti. Ndipo ilipogundulika kwamba katika watu watano, wanne walikuwa wanaigiza akiba ya kuli.

Wiki ya sita, Jumamosi, tukaweka jaribio la rudio moja. Kuli alipasha kwa 55, kisha 74, kisha 84 ikiwa na jozi mbili za mchanga, rudio mojamoja. Ile ya 84 ilipanda haraka. Akaandika nane, yaani angeweza mbili zaidi. Tukafunga jozi nyingine mbili za mchanga, 94, na jozi moja ya maji juu yake. Kilo 97. Bomba lilikuwa limening’inia chupa kumi, linaonekana kama duka la pembejeo lililopata ajali. Akaingia chini yake, akatoka nalo kwenye panda, akashuka, akakaa chini kidogo zaidi ya tulivyopenda, akapanda. Katikati lilisimama. Likapanda tena. Akalirudisha, akachukua kalamu kabla hata hajahema, akaandika 10, bila kumtazama mtu.

Tulikuwa bado tunashangilia alipouliza kwa nini bega la kushoto lilihisi jepesi. Tukatazama bomba. Upande wa kulia chupa ya maji ilikuwa imejaa. Upande wa kushoto chupa ilikuwa inaning’inia kwenye tyubu yake, imefunguliwa kizibo, imebaki tone moja chini, na mdogo wake kuli, wa miaka minane, alikuwa amekaa kwenye tairi akifuta mdomo.

“Nilikuwa na kiu,” akasema.

Kuli akachukua daftari, akakata 97, akaandika 95.5, akafikiri, kisha akaiacha ile 10 kama ilivyokuwa.